Mipaka ya Utafiti si Kilio cha Mtafiti

Fungueni tasnifu yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili, iwe ya Bujumbura, ya Dar es Salaam au ya Nairobi, mkatafute sehemu inayoitwa "Vikwazo vya Utafiti". Mara nyingi mtakuta maneno yale yale, kana kwamba yamerithiwa kutoka kwa babu mmoja: muda ulikuwa mfupi, fedha hazikutosha, baadhi ya wahojiwa walikataa kujibu, mvua ilinyesha na barabara zikawa mbovu. Kisha hufuata sentensi ya kufungia: "Hata hivyo, mtafiti alijitahidi kadiri ya uwezo wake na kukamilisha kazi hii."

Nasema bila kumung'unya maneno: aya hiyo haina kazi. Haimwambii msomaji lolote kuhusu matokeo. Inamsimulia jinsi mtafiti alivyotaabika, na msomaji hakuja kusikiliza taabu. Amekuja na swali moja tu: je, hiki unachoniambia nikiamini kwa kiasi gani, na kinakoma wapi?

Lawama ya kwanza naielekeza kwenye neno lenyewe. Kikwazo ni kitu kinachomkwaza msafiri njiani, jiwe au kisiki. Neno hilo likishawekwa juu ya ukurasa, mwanafunzi hujiona msafiri, naye huanza kuhesabu mawe aliyojikwaa. Laiti tungeandika "mipaka ya matokeo", fikra ingegeuka mara moja. Mpaka hauhusu safari ya mtu. Mpaka huonyesha shamba linaishia wapi, na mwenye shamba anayeujua mpaka wake haonekani maskini kwa sababu hiyo. Anayeonekana mashakani ni yule anayesema kwamba shamba lake linafika hadi mlimani, kisha jirani anakuja na jembe.

Sasa, sehemu hii ikiandikwa vizuri, inasema nini? Mwaka 2007 kundi la wataalamu wa takwimu na afya lilichapisha mwongozo unaoitwa STROBE, wenye vipengele 22, unaoeleza namna ya kuripoti tafiti zinazotazama watu bila kuwafanyia jaribio. Kipengele cha 19 kinahusu udhaifu wa utafiti, nacho kinamtaka mwandishi ataje mambo mawili ambayo aya zetu za mvua na nauli hazijawahi kuyataja: kila udhaifu unayavuta matokeo kuelekea upande gani, na unayavuta kwa nguvu kiasi gani. Mimi ningeongeza la tatu, ambalo ndilo linalookoa heshima ya utafiti: baada ya mvuto huo, ni nini kinachobaki kimesimama?

Ili kulielewa hilo, twendeni soko la Ruvumera, pale Buyenzi, kwa muuza ndagala. Mizani inaweza kuwa na kasoro za aina mbili. Mizani ya kwanza ina mshale unaotetemeka: leo inasema gramu 480, kesho gramu 520, lakini ukipima mara nyingi wastani wake ni gramu 500 za kweli. Mizani ya pili imetulia tuli, ila kila mara huongeza gramu 100. Kasoro ya kwanza ni kutetereka na kasoro ya pili ni upendeleo. Kutetereka hakumwonei mnunuzi wala muuzaji, na hupungua kadiri unavyopima mara nyingi. Upendeleo una upande, na kupima mara elfu hakuuondoi. Utauthibitisha tu uwongo ule ule mara elfu.

Mwanafunzi anayeandika "sampuli ilikuwa ndogo" anazungumzia mshale unaotetemeka. Udhaifu huo una hesabu yake, basi na aitoe. Ukichagua watu 100 kwa bahati nasibu na kuwauliza swali la ndiyo au hapana, jibu lako linaweza kupotoka kwa takriban pointi 10 juu au chini. Watu 400 hushusha mpotoko huo hadi pointi 5, na watu 1,200, ambayo ni idadi ya kawaida katika kura za maoni za Afrobarometer, huufikisha karibu na 3. Hata hivyo, ukiwachukua watu wako darasa zima kwa zima, mpotoko halisi ni mkubwa kuliko huo, kwa kuwa watoto wa darasa moja hufanana: wana mwalimu mmoja, ubao mmoja na vitabu vile vile. Sentensi moja yenye tarakimu yatosha hapo. Aya nzima ya kujidharau haihitajiki.

Upendeleo ndio unaotaka kalamu. Nitautolea mfano unaotuhusu sisi Warundi.

Mwaka 2014 mpango wa PASEC uliwapima wanafunzi wa shule za msingi katika nchi kumi za Afrika zinazotumia Kifaransa, na Burundi ilikuwamo. Watoto wa mwaka wa pili walipimwa lugha na hesabu, kadhalika wa mwaka wa sita. Mwaka wa pili, Burundi iliongoza nchi zote kumi katika lugha na katika hesabu pia. Furaha ilikuwa kubwa, na haikuwa ya bure. Lakini lipo jambo ambalo ripoti inalisema waziwazi na wengi tunaoinukuu tunaliruka: watoto wetu wa mwaka wa pili walipimwa kwa Kirundi, lugha wanayoisikia tangu mgongoni mwa mama. Wa Senegali, Togo, Nijeri na kwingineko walipimwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wao waliikuta mlangoni pa shule.

Tuseme basi kwamba mwanafunzi anaandika tasnifu juu ya matokeo hayo. Atauandikaje udhaifu huu? Nimezoea kuona njia tatu, nazo zote ni mbovu.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Anaandika "Burundi ni ya kwanza", anasonga mbele, na kumtumaini Mungu kwamba hakuna mtahini aliyesoma ripoti. Njia ya pili ni ile ya jumla: "Ikumbukwe kwamba lugha za mtihani hazikuwa sawa katika nchi zote, hivyo matokeo yachukuliwe kwa tahadhari." Sentensi hii inaonekana ya heshima, lakini ijaribuni. Tahadhari ya namna gani? Je, Burundi imependelewa au imeonewa? Msomaji hajui kama apunguze au aongeze. Ameambiwa kuna shimo barabarani, hakuambiwa liko kulia au kushoto. Njia ya tatu ni ya mnyenyekevu aliyepitiliza: "Kwa sababu hiyo, matokeo ya Burundi hayawezi kulinganishwa na ya nchi nyingine yoyote." Huyu ameona panya ndani ya nyumba, akaichoma nyumba.

Tazameni sasa jinsi ningeiandika mimi:

"Watoto wa mwaka wa pili nchini Burundi walipimwa kwa Kirundi, ilhali katika nchi nyingine walipimwa kwa lugha ambayo wengi wao hawaizungumzi nyumbani. Tofauti hii inaipendelea Burundi, hasa katika mtihani wa lugha; katika hesabu pia inaweza kuwa imesaidia, kwa sababu mtoto huelewa maelekezo ya mtihani. Kwa hiyo nafasi ya kwanza ya mwaka wa pili haithibitishi kwamba walimu au shule za Burundi ni bora kuliko nyingine. Hata hivyo, mwaka wa sita wanafunzi wa Burundi walipimwa kwa Kifaransa kama wenzao, na bado waliongoza katika hesabu na kuwa juu ya wastani wa nchi zote katika kusoma. Lugha ya mtihani peke yake haitoshi kueleza matokeo hayo ya mwaka wa sita."

Hesabuni hatua zake. Kwanza udhaifu wenyewe, kwa jina lake. Pili upande wake: unaipendelea Burundi. Tatu nguvu yake, japo kwa maneno: zaidi katika lugha, kidogo katika hesabu. Nne kile ambacho matokeo hayawezi tena kukithibitisha. Tano kile kinachosimama, pamoja na ushahidi wake. Mwandishi hakujipiga kifua wala kuomba radhi, na hakuna aliyemdhalilisha. Kinyume chake, mtahini aliyekuja na swali la Kirundi mfukoni ameliona limejibiwa, na sasa inambidi atafute lingine.

Analo, na tusimdharau. Atauliza: hao wa mwaka wa sita ni akina nani? PASEC huwapima watoto walioko darasani. Mtoto aliyeacha shule mwaka wa nne kwenda kuchunga au kulima hakupimwa, na nchini kwetu wanaoacha kabla ya kumaliza shule ya msingi si wachache. Wanaobaki, kwa kawaida, ni wale waliokuwa wakiweza. Kwa hiyo wastani wa mwaka wa sita umeinuliwa na kutokuwapo kwa walioondoka. Udhaifu huu nao una upande, na upande wake ni juu. Tofauti ni kwamba haukuipata Burundi peke yake, maana nchi nyingine katika orodha ile nazo hupoteza watoto njiani. Ndiyo maana unaathiri zaidi sentensi ya aina ya "watoto wa Burundi wa umri huu wanajua hesabu" kuliko sentensi ya aina ya "wanafunzi wa mwaka wa sita wa Burundi wanawazidi wa nchi fulani". Huo ndio ufundi ninaoutaka: kujua udhaifu upi unabomoa sentensi ipi. Udhaifu haubomoi utafiti mzima. Hubomoa sentensi, na kazi yako ni kuonyesha ni zipi.

Haya si mambo ya wanataaluma peke yao. Raia anayesikia redioni kwamba nchi yake ni ya kwanza ana haki ya kujua ni ya kwanza kwa kipimo gani. Na anayetaka kuiondoa lugha ya Kirundi katika madarasa ya chini, au kuitetea, atatumia tarakimu hizo hizo. Aya ya mipaka ndiyo inayoamua kama atazitumia kwa haki.

Turudi kwenye kazi zenu wenyewe, ambazo hazina nchi kumi. Nitatunga mfano. Mwanafunzi amewauliza wenzake 60 wa shule moja ya Buyenzi kama huzungumza Kiswahili nyumbani, kisha akalinganisha alama zao za insha. Amekuta kwamba wanaokizungumza nyumbani wana alama za juu zaidi. Katika rasimu yake ameandika hivi: "Utafiti huu ulikabiliwa na vikwazo kadhaa. Sampuli ilikuwa ndogo tu na ya shule moja. Huenda baadhi ya wahojiwa hawakusema ukweli. Pia huenda usahihishaji haukuwa wa haki. Labda utafiti mwingine utatoa majibu bora."

Huyu kijana amejinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Amesema kwamba data zake pengine ni za uwongo, alama zake pengine si za haki, na jibu la kweli liko kwa mtu mwingine ambaye bado hajazaliwa. Ningekuwa mtahini, ningemuuliza kwa nini basi amenipa kurasa arobaini nizisome.

Nianze na usahihishaji, kwa kuwa ndio mzito. Insha zilisahihishwa na mwalimu wa darasa, ambaye anawafahamu watoto na anajua nani anatoka nyumba ya Waswahili. Akimwongezea huyo alama kwa mazoea, tofauti ile inakua bila sababu, na huo ni mvuto unaoelekea kule kule yaliko matokeo. Udhaifu wa namna hii ni wa hatari kuliko wote. Hapa simshauri aandike sentensi nzuri zaidi. Namshauri aende akachukue insha 20, afunike majina, ampe mwalimu wa shule nyingine azisahihishe upya. Ni kazi ya alasiri mbili. Alama zikikaribiana, ataandika kwamba alihofia upendeleo, akaupima, na hakuuona mkubwa. Zikitofautiana, atakuwa ameokoka kuchapisha jambo la uwongo. Udhaifu unaoweza kurekebishwa kabla ya siku ya kukabidhi haustahili kuwekwa kwenye orodha ya mipaka. Kuuandika ilhali uliweza kuurekebisha si uaminifu, ni uvivu uliovaa kanzu.

Shule moja ya Buyenzi je? Hapa ndipo mwandishi wetu amejinyima haki yake. Buyenzi ni mtaa ambao Kiswahili ni lugha ya barabarani, ya sokoni na ya uwanja wa mpira. Mtoto asiyekizungumza nyumbani hukisikia anapotoka tu mlangoni. Kwa hiyo makundi yake mawili yamekaribiana kuliko ambavyo yangekaribiana mahali ambapo Kiswahili kinasikika darasani tu. Udhaifu huo umeipunguza tofauti, haukuikuza, na bado tofauti imeonekana. Hilo ni jambo la kumpa nguvu! Lakini kwa sababu aliliandika kama ombi la msamaha, hakuna atakayeliona. Wakati huo huo, shule moja inamkataza kusema "wanafunzi wa Bujumbura", wacha "wanafunzi wa Burundi", na hilo alitii hadi kwenye kichwa cha tasnifu. Wengi huandika mpaka katika sura ya tano, kisha wanauvuka katika hitimisho, kurasa mbili baadaye.

Wahojiwa kutosema ukweli nako kuna pande. Kama waliodai kwamba wanazungumza Kiswahili nyumbani walidai ovyo ovyo, wenye alama za juu na za chini sawasawa, basi makundi yamechanganyika na tofauti imefifia. Kama wenye alama nzuri ndio waliopenda zaidi kudai hivyo ili kumpendeza mwalimu, tofauti imekuzwa. Mtafiti aseme ni lipi analoliona la karibu zaidi na kwa nini. Akiwa hana namna ya kujua, na aseme hivyo kwa sentensi moja, hapo tu. "Huenda" si neno baya. Ubaya ni "huenda" isiyo na mwelekeo, inayomwagwa juu ya kila kitu kama chumvi.

Najua hoja ya upande wa pili, na walioisema mbele yangu ni walimu ninaowaheshimu. Wanasema: usimpe adui panga. Jopo la watahini linatafuta pa kushika, na wewe unawaonyesha. Jibu langu ni kwamba watahini wanaojua kazi yao wataona shule moja na insha zilizosahihishwa na mtu mmoja kabla hawajamaliza chai. Hawahitaji kuonyeshwa. Wanachokipima kwako ni kama na wewe umeona. Na ugonjwa huu si wa Bujumbura peke yake. Mwaka 2007 mtafiti John Ioannidis alichapisha uchunguzi wa makala 400 za majarida ya kisayansi, na ni takriban asilimia 17 tu zilizokuwa na hata neno moja linaloashiria mipaka ya kazi iliyowasilishwa. Wakubwa nao hunyamaza. Ukimya wao haugeuki hekima kwa sababu tu wamechapishwa.

Kuna jambo moja zaidi linaloniudhi, nalo ni mahali. Katika tasnifu nyingi "vikwazo" vimewekwa sura ya kwanza, kabla ya data, mara nyingine vimeandikwa kabla hata mtafiti hajaondoka nyumbani. Mtu anawezaje kujua matokeo yake yamevutwa upande gani ilhali hajayapata? Sura ya kwanza ndipo pa kueleza eneo ulilochagua kwa hiari yako: mtaa huu, darasa hili, mwaka huu. Huo ni uchaguzi, hauna haja ya kutetewa kama kosa. Mipaka ya matokeo ikae kwenye mjadala, karibu na matokeo inayoyahusu, ili msomaji akutane na dai na mpaka wake katika ukurasa mmoja.

Wanaoniletea rasimu zao muhula huu, ombi langu ni hili. Futeni aya ya mvua, muda na nauli. Chagueni udhaifu mbili au tatu zinazogusa jibu lenu kweli kweli, na kwa kila mmoja chukueni kalamu nyekundu mpige mstari chini ya maneno yanayotaja upande. Pasipo na mstari, andikeni upya kabla hamjanipa.